Sasa umeona nini?

Juzi mwenzangu wa chumba kanipa nimsomee ikisiri yake ya kongamano, kuhusu wadada wa kazi wa Bukoba na Muleba na nguvu yao ya kudai mshahara. Mistari minane, yote "utafiti unachunguza changamoto". Umeona nini sasa? Kimya.

Mie naona huko ni kuwadhulumu waliokusimulia. Tuseme umehoji 12, na walioongezewa ni wale waliojua dada wa jirani analipwa ngapi, maana hukutana bombani. Andika hivyo hivyo! Kisha mchango: agizo la mshahara la 2022 liliweka 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa bosi, lakini kudai anadai peke yake, jikoni. Ikisiri yako inaonyesha kwamba kujua bei ya jirani kunamwongezea sauti. Na useme mpaka wake: huenda aliye jasiri ndiye anayeuliza bei na ndiye anayedai, kwa hiyo bomba si sababu.

"Si wataona watu wangu wachache?" Waone tu. Kawasha taa, anaandika upya.