Jaribio la Jumamosi lisilo na maksi

Mzazi mwenzangu, mwanangu wa darasa la tano alipata yote kwenye zoezi la sehemu wiki ya kwanza ya muhula. Miezi miwili baadaye, kwenye mtihani, akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usiku wa kuamkia mtihani huo tulipitia daftari lote pamoja, na kila ukurasa aliniambia, "Mama, hii naijua."

Kumbe kulitambua jibu ukiliona ni jambo moja, na kulitoa kichwani ni jingine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizisoma tena, wengine waliziweka pembeni wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi.

Sasa nyumbani tuna jaribio la Jumamosi, la dakika 15 hivi. Nyuma ya daftari nimeandika namba za wiki za muhula, na kila wiki nahakikisha mada aliyofundishwa imeandikwa. Kila mada inaulizwa wiki iliyofundishwa, kisha inarudi baada ya wiki 1, baada ya wiki 3, na baada ya wiki 7. Kwa hiyo sehemu za wiki ya 1 zinarudi wiki ya 2, ya 4 na ya 8. Jumamosi ya wiki ya 8 naangalia daftari na kuuliza mada za wiki ya 8, ya 7, ya 5 na ya 1, maswali mawili kila moja.

Anajibu daftari likiwa limefungwa, kisha tunasahihisha hapo hapo. Akikosea, tunalitafuta kosa pamoja: 1/2 ni 3/6, na 1/3 ni 2/6, jumla 5/6. Mada hiyo hairuki mbali. Inarudi Jumamosi inayofuata, halafu inaendelea na ratiba yake.

Badilisha namba kila mara, la sivyo atakariri jibu la swali badala ya njia. Akipata yote bila hata kufikiri, kwenye mada hiyo rukia muda mrefu zaidi. Akikosa zaidi ya nusu, umemwacha muda mrefu mno, hivyo irudishe mapema. Kuhangaika kidogo kabla ya kukumbuka ndiko tunakokutaka.

Maksi usiandike, wala usimpe adhabu. Siku nilipomgombeza kwa kukosa, Jumamosi iliyofuata nilimkuta akichungulia daftari. Jibu lilikuwa sahihi, lakini sikujua tena anachokijua.