Kichwa kinachopiga ghafla kama radi



Juma hili tunazungumza juu ya namna moja tu ya maumivu ya kichwa. Kichwa kinatuuma sisi wote: kwa njaa, kwa jua la sokoni, kwa malaria, kwa mawazo ya karo za watoto. Maumivu hayo kwa kawaida huja polepole. Unaamka na kichwa kizito, kufika saa nne kimeanza kugonga, mchana unatafuta dawa. Hata kipandauso, ambacho kinaweza kumlaza mtu siku mbili ndani ya giza, mara nyingi hupanda kwa nusu saa au zaidi kabla ya kufika juu kabisa. Lakini kuna maumivu yanayotoka kwenye uzima na kufika ukali wa mwisho kabla dakika moja haijapita. Waganga huyafananisha na radi, nayo huyachukua kuwa jambo la haraka hata kama mgonjwa bado anatembea na kuongea.

Kinachowatisha hapo ni mwendo kuliko ukali wenyewe. Kwa hiyo usimwulize mgonjwa tu, "Inauma sana?" Kila mwenye maumivu atajibu ndiyo. Mwulize, "Ilipoanza ulikuwa unafanya nini?" Mwenye malaria atafikiri kidogo, atasema ni tangu jana jana hivi. Mwenye radi hukumbuka mara moja: nilikuwa nainua beseni, nilikuwa chooni, nilikuwa nafunga kilemba.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 48, muuza sambaza, mwenye tansio anayemeza dawa zake siku moja na kuziacha siku tatu. Saa mbili asubuhi anainama kuinua beseni lake, na kisogo kinampiga kama amechapwa na mti. Anageuka kuona ni nani amempiga. Anakaa chini, anatapika mara mbili. Jirani wa meza anamletea maji na vidonge viwili vya parasetamoli. Saa nne maumivu yamepungua kidogo, na wifi yake anasema, "Tumwache alale, ni malaria hiyo, kesho tutaona."

Hapo ndipo hatari ilipo. Tueleze kinachotokea ndani ya kichwa chake. Chini ya ubongo hupita mishipa ya damu yenye nguvu. Kwa watu wengine, ukuta wa mshipa hudhoofika mahali pamoja na kuvimba kidogo kidogo, kama mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli unavyochungulia pale tairi lilipochanika. Uvimbe huo unaweza kukaa miaka mingi bila kuuma. Tansio na tumbaku huuongezea hatari. Siku unapopasuka, damu hurushwa ndani ya maji safi yanayouzunguka ubongo, na ndiyo ile radi. Kisha damu huganda na kuziba tundu. Maumivu yanaweza kutulia, na watu wa nyumbani wanashukuru. Lakini kizibo hicho ni dhaifu. Kinaweza kufunguka tena, na hatari ya kufunguka ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Damu ya mara ya pili huua wengi kuliko ya mara ya kwanza. Kwa hiyo nafuu ya yule mama saa nne haituambii kitu, na kwamba parasetamoli imemsaidia haituambii kitu pia.

Dalili nyingine zaweza kuchelewa. Shingo hukakamaa baada ya saa kadhaa tu, damu ikiisha kuchokoza ngozi za ubongo, basi msingoje shingo. Mwanga ukimuumiza macho, akichanganya maneno, akizimia hata kidogo, ukope mmoja ukianguka au akianza kuona vitu viwili viwili, haraka inazidi.

Wanaobaki naye wafanye nini? Kwanza, waandike saa ilipoanza. Wamlaze, kichwa kimeinuliwa kidogo. Akiwa na usingizi mzito alale ubavu, asipewe chakula wala maji, maana atapaliwa. Wasimpe aspirini, wala ibuprofeni, wala diklofenaki, zile dawa zinazouzwa moja moja kila kona, kwa sababu zinazuia damu isigande vizuri. Wasimkande shingo, wasimchanje kichwa. Watafute gari. Kama ni pikipiki tu inayopatikana na bado ana nguvu za kukaa, mtu mwingine akae nyuma yake amshike. Asiende peke yake kwa miguu.

Mkifika, msiseme "kichwa kinamuuma," kwa kuwa mtawekwa kwenye mstari pamoja na wote. Semeni hivi: "Kimemshika ghafla saa mbili, kikafika mwisho mara moja, hajawahi kuumwa hivi." Watapima tansio, na labda watapima malaria. Hapa tuwe macho. Kwetu mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria ndani ya damu bila kuugua, kwa hiyo kipimo kikionyesha malaria, bado hakijaeleza maumivu yaliyopiga ndani ya dakika moja. Tibuni malaria, lakini ombeni barua ya kumpeleka mbele.

Anakopelekwa ni mahali penye skaneri, na hapo saa inahesabiwa. Ndani ya saa sita za kwanza, skaneri nzuri ikisomwa na mjuzi huonyesha damu hiyo karibu kila mara. Kwa mama yetu, ni kabla ya saa nane mchana. Baadaye damu huchanganyika na maji, picha inaanza kuficha. Picha isipoonyesha kitu, muganga anaweza kutaka kuchota maji ya mgongo, mara nyingi saa 12 au zaidi tangu radi ilipopiga, atazame kama yamegeuka manjano kwa damu iliyooza ndani yake. Tunajua wengi hukataa kwa hofu ya kupooza. Sindano hiyo huingia chini ya pale uti wa mgongo unapoishia.

Skaneri haipo kila wilaya, na opereshoni ya kuziba mshipa uliopasuka iko mbali zaidi. Hilo ni kweli na linauma. Lakini hata hospitali isiyo na vitu hivyo inaweza kushusha tansio kwa uangalifu, kutuliza maumivu na kutapika, kumlinda pumzi na kutafuta njia ya kumsafirisha. Nyumbani hayo hayawezekani.

Si kila radi ni damu. Wengi wanaopimwa huambiwa hakuna kilichopasuka, wakarudi nyumbani, na nauli imekwenda. Tunaona ni nauli nzuri, kwa sababu kwa macho hakuna anayeweza kuwatenganisha, hata muganga.

Tuwataje pia wenye mimba na waliojifungua ndani ya juma sita. Kwao kichwa cha ghafla kinaweza kutoka kwa tansio ya mimba, hata kama mtoto amekwisha zaliwa salama, au kwa damu kuganda ndani ya mishipa ya kichwa. Tansio ikifika 140 kwa 90 pamoja na kichwa hicho, au macho yakiona vimulimuli, degedege linaweza kuwa karibu. Dawa yake, salfeti ya magnesi, inajulikana sana kwenye vyumba vya kuzalishia. Kwa hiyo mama huyo apelekwe moja kwa moja uzazi, usiku huo huo, na aliyemsindikiza aseme mlangoni tarehe aliyojifungua.