Bumu lenye sifuri ya ziada

Jamani wadau, juzi geto letu hapa Tengeru liliwaka moto. Mshkaji wangu alikuwa anategemea bumu la shilingi 510,000, mashine ikamwonyesha 5,100,000. Geto zima likapiga kelele: "Kaa kimya, Mungu kakujibu!" Mimi nikapinga, na bado napinga.

Kosa la benki halikufanyi mwenye mali. Sheria yetu ya Mikataba, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa pesa kimakosa lazima arudishe. Hilo ni deni tu. Ila ukijua si yako halafu ukaila, hapo unaingia kwenye wizi. Afrika Kusini mwaka 2017 mwanafunzi mmoja alistahili randi 1,400 za chakula, akaingiziwa milioni 14. Akauchuna, akatumia zaidi ya randi 800,000. Mwaka 2022 akahukumiwa miaka 5 jela kwa wizi. Rufaa ilikuja kumpunguzia adhabu, lakini ile miaka ya kesi nani atamrudishia?

Mshkaji hakugusa hata senti. Asubuhi alipanda daladala hadi tawini Arusha mjini na barua nakala mbili, moja ikagongwa muhuri akarudi nayo. Muhuri ule ndio ushahidi kwamba hakuficha. Na mtu akikupigia eti "nirudishie kwa namba hii", usitume! Benki ikija kurekebisha kosa lake, utakuwa umelipa mara mbili.

Sasa nyie wa "Mungu kakujibu", mngeenda naye polisi?