Namba ya Lebo Si Saizi ya Mtu

Kwenye meza za mitumba za Pasiansi, kama ilivyo Mlango Mmoja, mteja akiulizwa anavaa saizi gani hujibu bila kusita: "Thelathini na mbili." Ameishika namba hiyo kwa miaka. Ikitokea suruali yenye namba hiyohiyo imemgomea mapajani, hukumu hutoka papo hapo, na mara nyingi huitoa yeye mwenyewe: amenenepa.

Hukumu hiyo ni potofu, na inawaumiza watu bure. Imani kwamba kila mtu ana saizi yake moja, na kwamba lebo inaijua, haina msingi.

Kampuni ya nguo haipimi watu wote. Huchagua mtu mmoja ambaye mwili wake unafanana na wa wateja inaowalenga, hukata nguo ya kwanza kwa vipimo vyake, kisha huongeza au kupunguza inchi kidogo kidogo kupata saizi nyingine. Inayowauzia wasichana huanza na nyonga nyembamba, na inayowauzia kina mama wa makamo huanza na kiuno kipana. Zote mbili huandika M. Balo la mitumba likifunguliwa, nguo za kampuni hizo hulala pamoja, tena zikiwa na namba za nchi mbalimbali: gauni la 12 la Uingereza hukaribiana na la 8 la Marekani, la 38 la Ujerumani na la 44 la Italia. Mwanamke mmoja anaweza kuyavaa yote manne siku hiyohiyo bila kuongezeka wala kupungua hata kilo moja.

Hadi hapo hakuna aliyedanganya. Udanganyifu huanza pale kampuni inapopanua nguo huku namba ikishushwa, ili mnunuzi ajione mwembamba na afungue pochi. Hizo ni saizi za kubembeleza. Marekani iliwahi kutangaza viwango vya saizi za wanawake mwaka 1958, lakini kampuni hazikulazimika kuvifuata, na mwaka 1983 serikali ikaviondoa. Kila kampuni ikabaki na namba zake. Tazama yaliyompata mwanamke mwenye kifua cha inchi 32: katika katalogi ya duka la Sears ya mwaka 1937 angevaa namba 14. Mwaka 1967 kifua hichohicho kilikuwa namba 8. Kufikia 2011 kilikuwa namba 0. Kifua hakikubadilika; namba ndiyo iliyoshuka.

Wanaume wasicheke. Suruali zao huandikwa inchi, na inchi ni urefu usiopaswa kubishaniwa. Hata hivyo, mwaka 2010 jarida la Esquire la Marekani lilipima suruali zilizoandikwa kiuno 36, na moja ikaonekana ina inchi 41.

Wapo wanaosema hakuna ubaya mteja akifurahi. Ubaya upo. Anayenunua kwa picha ya simu hutuma nauli ya bodaboda na kupokea nguo isiyopanda, na mitumba kwa kawaida hairudishwi.

Ni haki pia kusema kwamba si kila tofauti ni ubembelezi. Suruali inayokaa chini ya kitovu lazima iwe na mkanda mpana kuliko kiuno chenyewe, kwa kuwa imeshikiliwa na nyonga. Pamba iliyofuliwa mara nyingi huenda imeshaingia, na jinzi yenye mpira huenda imeshalegea. Sababu zote hizo zinaelekeza mahali pamoja: pima nguo, usisome lebo.

Wanunuzi wa mitumba wamekwisha kuanza. Wanafunga kifungo cha suruali na kuuzungusha mkanda shingoni; ncha zikikutana kisogoni, wanaichukua. Njia hiyo hudhani shingo ni nusu ya kiuno, na kwa wengi hukaribia, lakini haisemi lolote kuhusu nyonga na mapaja.

Futikamba ya fundi cherehani husema zaidi. Chukua suruali unayoipenda, ifunge, ilaze mezani na pima mkanda kutoka ncha hadi ncha. Ukipata inchi 16 na nusu, kiuno chake ni 33, hata kama lebo inadai 30. Pima vivyo hivyo penye nyonga, sehemu iliyo pana zaidi, kisha shuka kutoka mkanda wa mbele hadi msamba. Kipimo hicho cha mwisho ndicho wengi hukisahau, na ndicho kinachoifanya suruali ibane ukikaa. Andika vipimo hivyo vitatu kwenye simu.

Nanyi wauzaji wa Pasiansi mnaotuma picha za nguo kwa wateja: acheni kuandika "saizi M". Andikeni kiuno inchi ngapi, nyonga inchi ngapi, mkiwa mmeipima nguo hiyohiyo iliyo mezani.