Kamera ya Ulinzi Ipimwe Usiku

Kibiti ni wilaya mojawapo inayolima korosho katika mkoa wa Pwani. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, magunia ya wakulima hukaa ghalani yakingoja siku ya mnada. Gunia likipotea usiku, swali la nani alipe laweza kugombanisha chama kizima. Kwa hiyo huonekana yafaa kutundika kamera langoni. Fundi huifunga saa sita mchana, picha huonekana safi kiooni, naye hulipwa akaenda zake. Mwizi hapiti saa sita mchana.

Na tuchukue mfano wa ghala lenye ua wa upana wa mita 24 na lango la mita 4, lililofungiwa kamera ya kawaida ambayo picha yake ina pikseli 1920 kwa upana. Ikielekezwa uani kote, kila mita hupata pikseli 80, na uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 16 hivi, huambulia pikseli 13 tu. Ikielekezwa langoni peke yake, kila mita hupata pikseli 480, na uso ule ule hupata 77. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa kumtambua mtu asiyejulikana ni pikseli 250 kwa mita. Basi kamera ile ile hufaa au haifai kwa kadiri ilivyoelekezwa, na fedha ya kununulia kubwa zaidi mara nyingi hupotea bure.

Lakini pikseli hizo zote haziokoi picha iliyovurugwa na mwendo. Kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi kwa kila picha. Katika mipangilio yake muda huo huandikwa `Shutter`. Ikiachiwa ijiamulie yenyewe, gizani huurefusha hadi sehemu 1 ya 25 ya sekunde. Mtu anayekatiza lango kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde husogea sentimita 6 katika muda huo, nao ndio umbali uliopo baina ya jicho na jicho: jicho moja huangukia mahali pa la pili. Ua huonekana una mwanga mzuri, kuta na magunia yametulia, ila mtu amekuwa kivuli. Hiyo ndiyo dalili ya kosa hili.

Muda ukiwekwa `1/100`, mtu husogea sentimita 1.5 tu, na uso hutambulikana. (Nchini Tanzania, ambako umeme una mizunguko 50 kwa sekunde, muda huo una faida nyingine: hulingana na kupepesa kwa taa za umeme, hivyo picha haichezi.) Gharama yake ni kwamba mwanga unaoingia umepungua mara nne.

Hapa ndipo somo la fizikia la darasani linapolipa. Mwanga hufifia kwa kipeo cha pili cha umbali. Taa iliyo mita 12 kutoka langoni ikisogezwa hadi mita 6 humulika mara nne zaidi. Kilichopotea kimerudi bila kununua kitu ila waya. Taa hiyo ikae mbali na kamera. Taa za infraredi zilizozungushwa kwenye lenzi huvuta wadudu, na buibui huwafuata. Katika joto na unyevu wa delta ya Rufiji, utando wake waweza kuwa mbele ya lenzi kwa usiku mmoja, uking'aa kama ukungu mweupe.

Taa isipoongezwa, kamera hukuza umeme hafifu wa picha, na kiooni hutokea chengachenga zinazobadilika kila mara. Mtambo wa kubana picha hudhani ni mwendo, ukazitumia biti zote kwa chengachenga, na uso ukabaki vipande vya mraba. Mawimbi kwenye gati la Nyamisati, au majani ya mkorosho kwenye upepo, hula biti vivyo hivyo. Kwa megabiti 4 kwa sekunde, siku moja huchukua gigabaiti 43 hivi, na diski ya terabaiti moja hujaa kwa siku 23. Anayepunguza biti ili diski idumu miezi miwili hana budi kujua kwamba anakata nyuso. Ni heri apunguze idadi ya picha kutoka 25 hadi 12 kwa sekunde.

Fundi asilipwe mpaka mtu asiyejulikana na msimamizi apite langoni saa nne usiku kwa mwendo wake wa kawaida, kisha isimamishwe picha moja kutoka kwenye diski. Picha ya moja kwa moja kiooni isihesabiwe, maana huenda haijapita katika ubanaji ule ule. Pikipiki haimo katika hesabu hii: kwa kilomita 36 kwa saa husogea sentimita 10 katika muda wa `1/100`, na kibao chake cha namba hurudisha mwanga wa taa kikawa cheupe tupu. Anayetaka namba hiyo anahitaji kamera ya pili.