Gari la bei ndogo laweza kula fedha nyingi

Ndugu wakulima wa Gorong'a, tuseme kikundi chenu kinataka pikapu ya kupeleka mahindi Tarime. Zipo mbili zilizotumika. Ya kwanza inauzwa shilingi 12,000,000, ya pili 15,000,000. Ipi ni nafuu?

Anzeni na mafuta. Jazeni tangi, endesheni kilomita 120 mkiwa na mzigo, kisha jazeni tena. Tuseme ya kwanza imekula lita 15, ya pili lita 10. Kwa kilomita 12,000 za mwaka mzima, ni lita 1,500 na lita 1,000. Lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta ni 4,500,000 na 3,000,000.

Sasa matairi. Njia ya mawe huyamaliza upesi. Gharama ya mwaka tuseme ni 600,000 na 1,000,000. Oili na matengenezo ni 400,000 na 600,000.

Mwisho, ulizeni bei ya kuuzia baada ya mwaka. Ya kwanza ikishuka hadi 10,000,000, mmepoteza 2,000,000. Ya pili ikishuka hadi 14,000,000, mmepoteza 1,000,000.

Jumlisheni. Ya kwanza ni 7,500,000, ya pili 5,600,000. Mkisafiri mara chache, tofauti ya mafuta itapungua. Basi hesabuni safari zenu kwanza, ndipo mnunue.