Barua ya pauni 200

KUTOKA UGHAIBUNI
Na Salma Mbarouk

Shangazi alikuja kwangu na karatasi nne zilizoandikwa mbele na nyuma. Si shangazi wa damu. Ni jirani yangu hapa London mashariki, mama wa Lamu anayesafisha ofisi usiku, na sote mtaani tunamwita hivyo. "Mwanangu, nisomee kama inakaa sawa," akasema. Ilikuwa barua ya kuishitaki benki yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa laana tupu. Pauni 200 zenyewe nilizikuta ukurasa wa tatu, na mwisho alikuwa akidai fidia ya pauni 5,000. Juu kabisa aliandika jina la FCA.

Nilianza na hilo la juu. FCA ndiyo mamlaka inayosimamia mwenendo wa mabenki Uingereza, na wengi wetu hudhani ndiko mtu anakopeleka shauri lake. Siko. FCA hupokea taarifa ili ijue benki gani ina kasoro, lakini haimwamulii mteja mmoja mmoja. Anayeamua ni Msuluhishi wa Fedha, ofisi inayojulikana kama FOS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000. Mteja hatozwi hata senti. Ukipeleka barua yako FCA, utajibiwa kwa adabu uende kwingine, na wiki zako zimekwenda.

Kisha nikamuuliza tarehe. Hapo ndipo karatasi nne zilipobaki moja.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa tano na dakika 42 asubuhi, Shangazi aliomba pauni 200 kwenye ATM iliyo nje ya duka la vyakula. Mashine ikanguruma, ikamrudishia kadi, ikaandika kwamba huduma haipatikani. Pesa haikutoka. Akavuka barabara, dakika tisa baadaye akatoa pauni 200 kwenye mashine nyingine. Jioni akaona amekatwa mara mbili. Akapiga simu Jumatatu, akaambiwa asubiri siku kumi za kazi. Siku kumi zikapita. Tarehe 24 Machi akaenda tawini, akamwambia aliye kaunta kwamba sasa halalamikii mashine, anawalalamikia wao. Tarehe 27 ikaja barua ya kumshukuru, yenye namba ya kumbukumbu, ikisema benki ina wiki nane za kumjibu. Baada ya hapo, kimya.

Hizo wiki nane ndizo zinazowanasa watu. Kwa malalamiko mengi ya benki ni kweli: benki hupewa wiki nane itoe jibu la mwisho, na zikipita bila jibu una haki ya kwenda kwa Msuluhishi. Lakini lalamiko linalohusu malipo yenyewe, kama pesa kukatwa bila kutoka, lina saa yake nyingine. Benki ina siku 15 za kazi. Ikikwama kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake, lazima iandike kueleza kwa nini inachelewa, na hata hivyo haiwezi kuvuka siku 35 za kazi. Kwa Shangazi, siku 15 ziliisha Jumatatu tarehe 14 Aprili, na hakuna barua ya maelezo aliyopata. Benki ilimsomea saa isiyo yake. Sijui kama ni uzembe au mazoea. Kwa mteja ni mamoja.

Jingine ambalo hakulijua ni nani anayepaswa kuthibitisha. Yeye alihangaika akitafuta shahidi aliyemwona akiondoka mikono mitupu. Kanuni za Huduma za Malipo za mwaka 2017 zinauweka mzigo huo kwa benki: mteja akisema muamala haukutekelezwa sawasawa, benki ndiyo ionyeshe kwamba uliandikwa sahihi na haukuguswa na hitilafu ya kimitambo. Na ushahidi upo. ATM huweka kumbukumbu ya kila hatua, na inapofunguliwa kuhesabiwa, noti ambazo hazikutoka huonekana kama ziada. Ndiyo maana barua haikuhitaji laana. Ilihitaji kuomba karatasi hizo mbili.

Niliiandika kwa Kiingereza, naye akaisaini. Hii hapa kwa lugha yetu:

"Kwa Msuluhishi. Nalalamika dhidi ya benki yangu, kumbukumbu ya lalamiko imeambatishwa. Tarehe 8 Machi 2025 nilikatwa pauni 200 ambazo mashine haikunitolea. Taarifa ya akaunti inaonyesha nilitoa kiasi hicho hicho kwenye mashine nyingine dakika tisa baadaye.

Tarehe 10 Machi niliripoti kwa simu. Tarehe 24 Machi nililalamika tawini. Tarehe 27 Machi benki ilikiri kupokea. Siku 15 za kazi ziliisha tarehe 14 Aprili. Leo ni tarehe 28 Aprili, sijapata jibu la mwisho wala maelezo ya kuchelewa.

Naomba benki ioneshe kumbukumbu za mashine za muamala huo na hesabu ya fedha ilipofunguliwa. Ikiwa haiwezi, naomba inirudishie pauni 200, pamoja na pauni 6 na senti 40 za riba niliyotozwa akaunti ilipoingia kwenye deni kwa sababu hiyo, na pauni 150 kwa usumbufu wa simu tano na safari mbili za tawini."

Hizo 150 tulizigombania. Shangazi alizitaka 5,000 zake. Nikamwonyesha kwamba ofisi ya Msuluhishi imechapisha viwango: kosa dogo la mara moja huwa chini ya pauni 100, na kosa linalojirudia likamhangaisha mtu kwa wiki kadhaa huangukia kati ya 100 na 300. Madai ya 5,000 yasingemwongezea kitu, ila yangemfanya mchunguzi aitilie shaka barua yote. Alinuna, akakubali.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam: Benki Kuu ya Tanzania nayo ina dawati la malalamiko, na sharti la kwanza ni lile lile, uanze na benki yako. Kwa hiyo lalamiko la mdomo kaunta lisiishie mdomoni. Omba namba, andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Bila hivyo huna cha kuonyesha kwamba uliwahi kulalamika.

Mchunguzi wa FOS hutoa maoni yake kwanza. Upande usioridhika unaweza kumwomba Msuluhishi mwenyewe aamue, na mteja akiukubali uamuzi huo, benki haina hiari tena. Ikiwa benki imeshakupa jibu la mwisho, una miezi sita ya kwenda. Ukichelewa, inaweza kukataa shauri lisisikilizwe.

Ijumaa iliyopita benki ilimpigia Shangazi simu, baada ya wiki za kimya. Imerudisha pauni 200 na riba, ikaahidi pauni 50 kwa usumbufu, mradi aliondoe lalamiko. Aliniuliza ajibu nini. Nikamwambia pauni 200 ni zake, azipokee, na kuhusu 50 amwachie mchunguzi. Faili bado liko wazi.